Piga hesabu ya rampu, droo na akselereta kabla hujasaini ofa ya mauzo

Ofa ya kazi ya mauzo ikija, macho yote yanakimbilia ile namba ya juu, "unaweza kufika milioni moja na robo kwa mwezi". Sawa, ila hiyo namba ni ya mtu aliyeshazoea eneo na ana wateja wake tayari. Wewe unayeanza kesho utaishi kwanza kwenye miezi sita ya mwanzo, na hiyo ndo nataka tuipigie hesabu hapa.

Nichukue mfano wa huku kwetu Tanga, namba nimezitunga mimi ila muundo wake ndo huo huo nnaouona kila siku. Kampuni inauza pampu za sola za umwagiliaji, eneo lako ni Muheza, Korogwe na Lushoto. Pampu moja ni milioni 3, komisheni asilimia 5, yaani 150,000 kwa pampu. Tageti kamili ni pampu 6 kwa mwezi, mshahara wa msingi 350,000 (zote kabla ya kodi na NSSF). Ukifikisha tageti unapata 350,000 na 900,000 ya komisheni, ndo hiyo 1,250,000 waliyokutajia.

Hatua ya 1: uliza hela ya mteja inaingia lini

Kabla ya yote, uliza kutoka siku unamtembelea mkulima mara ya kwanza mpaka amemaliza kulipa inapita miezi mingapi, halafu uliza tena komisheni inahesabika akisaini, akilipa advansi, au akimaliza deni lote. Usimuulize bosi peke yake, mtafute kaka au dada anayeuza pale pale umuulize pembeni. Tuseme jibu ni miezi miwili na komisheni inatoka mteja akimaliza kulipa. Maana yake mwezi wa kwanza na wa pili hata uwe moto vipi, komisheni yako ni sifuri.

Hatua ya 2: linganisha na rampu

Rampu ni ile miezi ya mwanzo ambayo tageti yako inashushwa. Ofa yetu inasema mwezi wa kwanza huna tageti, wa pili pampu 2, wa tatu pampu 4, wa nne unabeba 6 kama wenzio. Inasikika vizuri, ila ukiiweka na miezi miwili ya mteja kulipa, rampu inakwisha wakati pampu zako za kwanza ndo kwanza zinalipwa. Rampu ya haki inauzidi huo muda wa mteja kwa miezi kadhaa, sio mwezi mmoja tu.

Na kuna kitu wengi hawakioni, tageti kushushwa peke yake hakukupi hela. Kama unalipwa kwa kila pampu, pampu moja ni 150,000 tu, tageti iwe 2 au 6, rampu inakusaidia usipewe barua ya onyo basi. Ila kama mpango unalipa kwa asilimia ya tageti uliyofikia, pampu 2 kati ya 2 ni asilimia 100 na unalipwa 900,000 nzima. Hizo ni dunia mbili tofauti, kwaiyo uliza moja kwa moja: "nikiuza pampu mbili mwezi wa pili naondoka na shilingi ngapi?"

Angalia na mwezi unaoanza. Ukianza Machi, rampu yako yote inaliwa na masika, na mkulima mvua inamnyeshea bure anunue pampu ya nini bana. Ukianza Juni ni habari nyingine kabisa. Kuomba rampu ianzie kiangazi au iongezwe miezi miwili sio ukorofi.

Hatua ya 3: droo, hapa kaa na daftari

Droo ni komisheni unayotangulizwa. Ofa inasema 450,000 kwa mwezi kwa miezi 3. Swali la kwanza na la maana: hiyo hela inarudishwa au hairudishwi? Kama hairudishwi, ukiuza chini ya hapo wanakujazia na yameisha. Kama inarudishwa, ni mkopo, utakatwa kwenye komisheni zako za mbele. Ofa nyingi zinaandika "droo" tu zinanyamaza, na ikinyamaza wewe hesabu kama ya kurudishwa.

Tuseme umeanza vizuri tu, unauza kama mgeni wa kawaida:

Mwezi 1: komisheni 0, droo 450,000, deni 450,000. Unaondoka na 800,000.
Mwezi 2: komisheni 0, droo 450,000, deni 900,000. Unaondoka na 800,000.
Mwezi 3: pampu 2, komisheni 300,000, droo inajazia 150,000, deni 1,050,000. Unaondoka na 800,000.
Mwezi 4: pampu 3, komisheni 450,000, yote inakatwa, deni 600,000. Unaondoka na 350,000.
Mwezi 5: pampu 5, komisheni 750,000, inakatwa 600,000, deni limeisha. Unaondoka na 500,000.
Mwezi 6: pampu 6, komisheni 900,000. Unaondoka na 1,250,000.

Umeona mwezi wa nne? Umeuza kuliko miezi yote iliyopita na ndo mwezi unaopata hela ndogo kuliko yote, na pengine umeshapanga nyumba Chumbageni kwa bajeti ya laki nane. Watu wengi wanaacha kazi hapo hapo, wanadhani wameibiwa, kumbe karatasi waliyosaini ilikuwa inasema hivyo.

Dawa yake ni sentensi moja: makato yasizidi nusu ya komisheni ya mwezi husika. Kwa namba hizo hizo mwezi wa nne unapata 575,000, wa tano 725,000, wa sita 800,000 na deni linaisha mwezi huo wa sita. Kampuni haipotezi hata shilingi, jumla ni ile ile, ndo maana hili huwa rahisi kukubaliwa kuliko kuomba droo isiyorudishwa, ambayo kwenye mfano wetu ingewagharimu 1,050,000.

Halafu uliza ukiondoka deni likiwa bado inakuwaje, na pampu ulizouza ambazo mteja anamalizia kulipa wewe haupo, komisheni yake inaenda kwa nani.

Hatua ya 4: akselereta

Hii ni asilimia kupanda ukivuka tageti, tuseme kutoka 5 kwenda 8. Umeuza pampu 8, je hiyo asilimia 8 ni kwa zile 2 za juu au kwa zote? Kwa zile 2 tu unapata komisheni 1,380,000, kwa zote ni 1,920,000. Mara nyingi ni za juu tu.

Kipimo nacho kina uzito. Miezi mitatu umeuza 8, 4 na 6. Ikipimwa kwa mwezi, ule mwezi wa pampu 8 unakupa akselereta, jumla 2,880,000. Ikipimwa kwa robo mwaka umefika 18 kamili, hujavuka kitu, unapata 2,700,000. Biashara ya msimu kama pampu, mtu wa mauzo anatakiwa aombe kipimo cha mwezi. Na angalia kama akselereta inafanya kazi ndani ya rampu, mipango mingi inaizuia.

Hatua ya 5: iwe kwenye karatasi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya maandishi ya ajira yaonyeshe malipo na jinsi yanavyokokotolewa. Na ukiacha makato ya kisheria kama kodi, mwajiri akitaka kukukata deni anahitaji ukubali kwa maandishi, sasa saini yako kwenye mpango wenye droo ya kurudishwa ndo huko kukubali kwenyewe. Kwaiyo ile jedwali ya miezi sita iandike kwa namba zao, mtumie bosi kwa imeili, "naomba unithibitishie kama nimeelewa sawa". Akirekebisha mstari wowote, huo mstari uingizwe kwenye mkataba kabla hujaweka saini.