Usichanganye wastani wa asubuhi na wa jioni
Unapomwandalia daktari muhtasari wa wiki wa shinikizo la damu, pima mara mbili kila asubuhi kabla ya kumeza dawa na mara mbili jioni, ukipumzika dakika moja kati ya vipimo. Kisha ondoa vipimo vya siku ya kwanza, ambavyo mara nyingi huwa juu, na ukokotoe wastani wa asubuhi na wa jioni kila mmoja peke yake. Asubuhi 146/90 na jioni 128/80 zikichanganywa hutoa 137/85, namba inayoficha kwamba huenda dawa inaisha nguvu kabla ya dozi inayofuata. Kwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, wastani huu hauaminiki sana, kwani mashine yenyewe huweza kukosea.