Kikombe na mkono wake: kupima kina, kuhesabu wiki na kujua pa kununulia

Kikombe na mkono ni mchoro wa bei kwenye chati: bei inashuka na kurudi juu kwa mviringo kama kikombe, kisha inateleza kidogo, na huo ndio mkono. Chukua hisa iliyopanda kutoka 70 hadi 100, kisha ikachoka. Hiyo ndiyo tutakayoifuata, kwenye chati ya wiki. Bila mpando wa kwanza, walau asilimia 30, usihangaike: bonde kwenye hisa iliyolala ni bonde tu.

Hatua ya 1: kina. Hisa yetu inashuka kutoka 100 hadi 76, yaani asilimia 24. William O'Neil, Mmarekani aliyeutangaza mchoro huu mwaka 1988, alikubali kina cha asilimia 12 hadi 33, na zaidi kidogo soko zima likiwa limeporomoka. Hisa iliyopoteza nusu ya bei yake lazima ipande mara mbili ili irudi ilipokuwa, na njiani inakutana na watu walionunua juu, wanaongoja tu pesa zao zirudi ili wauze.

Hatua ya 2: muda. Hesabu kuanzia kilele cha kushoto: wiki 7 hadi 65. Kitako kiwe cha mviringo. Kikichongoka kama V, wenye wasiwasi hawajapata muda wa kuuza na kuondoka.

Hatua ya 3: mkono. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu ya haraka. Bei imerudi hadi 98, wale waliokwama wanauza, na inateleza hadi 91 kwa wiki mbili. Katikati ya kikombe ni 88, kwa hiyo mkono umebaki nusu ya juu, panapotakiwa. Umeshuka asilimia 7 hivi. Ukipita 12 soko likiwa zuri, mimi huachana nao. Tazama pia idadi ya hisa zinazouzwa: ipungue wiki hadi wiki, dalili kwamba wauzaji wanakwisha. Mkono unaopanda polepole badala ya kushuka hauaminiki, maana hakuna aliyetikiswa.

Hatua ya 4: kuingia. Sasa fungua chati ya siku. Kilele cha mkono ni 98. O'Neil aliongeza senti 10, hivyo unanunua 98.10. Siku hiyo mauzo yazidi wastani wa siku 50 kwa asilimia 40 au zaidi: wastani ukiwa hisa 200,000, unataka 280,000. Niliwahi kununua saa ya kwanza ya soko kwa kuona bei tu imevuka. Mauzo yalikuwa membamba, na kabla ya kufunga bei ilikuwa imerudi ndani ya mkono. Siku hizi saa sita nalinganisha mauzo na yale ya kawaida ya muda huohuo.

Mara tu unaponunua, weka amri ya kuuza asilimia 7 chini, karibu 91.20. Mwisho wa kununua ni asilimia 5 juu ya 98.10, yaani 103. Hisa ikifungua asubuhi kwa 105, iache iende: ukiinunua hapo, mteremko wa kawaida wa kurudi chini kidogo ya 98 unatosha kukutoa.