Retro inayozaa badiliko moja: hatua ninazofuata

Wiki iliyopita nilikaa na dada mmoja aliyekabidhiwa kwa mara ya kwanza retro za timu yake, yaani mikutano ya mwisho wa sprinti ya kutazama kazi ilivyokwenda na nini kibadilike. Alinionyesha kumbukumbu za retro 6 zilizopita: hoja 34 za "tuboreshe", na hakuna aliyejua ni ipi iliyotekelezwa. Nami niliwahi kukaa mwaka mzima kwenye timu ya namna hiyo, kwa hiyo nilimwandikia hatua hizi. Zinafaa timu ya watu 5 hadi 9 yenye sprinti, yaani kipindi cha kazi, ya wiki mbili.

Hatua ya 1: Anza na badiliko la mara iliyopita

Dakika 5 zinatosha. Lilifanyika? Lilisaidia? Kama halikufanyika, ulizeni kilichozuia kabla ya kukusanya hoja mpya.

Hatua ya 2: Chagua muundo

Anza–Acha–Endelea hupendwa kwa sababu ni wa haraka, lakini huwarukisha watu hadi kwenye suluhisho kabla hawajakubaliana nini kilitokea. Mashua (upepo unaosukuma, nanga inayozuia, miamba iliyo mbele) naiweka kwa mwanzo wa mradi, kwa kuwa miamba inawalazimisha kutazama yajayo. Furaha–Huzuni–Hasira ni kwa sprinti iliyoacha watu wamenuniana.

Sprinti za kawaida natumia mstari wa wakati. Chora siku 10 za kazi ukutani, kisha kila mtu aandike kimyakimya kilichotokea na kukibandika kwenye siku yake. Karatasi ni bora kuliko programu yoyote mkiwa chumba kimoja. Na kwa kuwa kumbukumbu zetu hushika siku mbili za mwisho tu, nenda na orodha ya msimbo uliounganishwa, pamoja na tarehe zake:

```
git log --merges --since="2 weeks ago" --date=short --pretty=format:"%ad %s"
```

Hatua ya 3: Geuza hoja kuwa badiliko

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko kwingine. Nilikuwa nikikusanya karatasi, nikigawa kura tatu kwa kila mtu, kisha hoja iliyoongoza naiandika kama ilivyo. Karibu kila mara iliyoongoza ilikuwa "mawasiliano yaboreshwe". Baadaye nikaelewa kwa nini: hoja ya jumla hupata kura nyingi kwa sababu kila mtu anaisoma shida yake mwenyewe ndani yake. Siku hizi hakuna kura kabla ya kila hoja kujibu maswali mawili: siku gani, na kwenye kazi gani?

Timu moja niliyoiongoza ilikuwa inatengeneza programu ya malipo ya simu. Nilimuuliza aliyeandika "mawasiliano" maswali hayo. Akasimama, akaweka kidole kwenye siku ya 3: "Skrini ya kutoa pesa niliimaliza hapa." Akasogeza hadi siku ya 8: "Imekuja kukaguliwa hapa." Tukatazama zilizobaki. Kati ya kazi 9, kazi 6 ziliunganishwa siku ya 8 na ya 9, na mwenzetu wa kutesti alizipokea zote kwa mkupuo. Watu walikuwa wanaongea vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba kila aliyemaliza kazi alifungua nyingine badala ya kukagua ya mwenzake.

Badiliko tuliloandika: "Kazi zinazosubiri kukaguliwa zisizidi 2. Zikifika 2, anayemaliza yake anakagua kwanza." Tuliweka mtu mmoja wa kuzihesabu kila asubuhi. Usiandike "wote", maana hapo hakuna atakayehesabu. Kipimo kilikuwa siku kati ya kumaliza kazi na kuiunganisha, na tulikubaliana kuliangalia siku ya 5, si kungoja retro.

Kikwazo kingine ni hoja zilizo nje ya uwezo wenu. Tulilalamikia seva ya majaribio ya benki iliyokuwa ikizimika, na kuiwasha si kazi yetu. Kilichokuwa mikononi mwetu ni kuandika seva bandia ya kutestia, basi hiyo ndiyo iliyoingia kama badiliko la pili. La tatu nalikataa hata likiwa zuri.

Hatua ya 4: Liweke kwenye ubao

Liwe kadi kati ya kadi za sprinti, na mpunguze kazi nyingine ili lipate nafasi. Mwongozo rasmi wa Skramu wa 2017 ulitaka angalau boresho moja liingie kwenye orodha ya kazi za sprinti inayofuata. Toleo la 2020 limelegeza, linasema tu yanaweza kuingizwa. Mimi nimebaki na la 2017.

Kwenye ile timu, kusubiri kulishuka kutoka siku 5 hadi siku 1 au 2. Siku ya 6 sheria ilivunjika: kazi 4 zilikuwa zinasubiri, na zote ziligusa sehemu ya msimbo wa malipo ambayo mtu mmoja tu aliielewa. Retro iliyofuata tulianzia hapo.