Kupiga asilimia ya vitamini na madini kwenye lebo: kutoka karatasi ya maabara hadi pakiti ya unga wa ubuyu

Unga wa ubuyu umeruhusiwa kuuzwa kama chakula katika Umoja wa Ulaya tangu 2008, na wasindikaji wengi wa huku kwetu wanaotafuta soko hilo hukwama kwenye lebo. Wanajua kugawanya na kuzidisha, lakini namba wanayoigawanya mara nyingi si ile inayotakiwa. Nitaeleza jinsi ninavyofanya hesabu hii kwa kutumia mfano mmoja wa unga wa ubuyu mtupu, usiochanganywa na kitu, kwa kufuata kanuni ya Ulaya namba 1169/2011.

Karatasi ya mfano wetu kutoka maabara inasema hivi: vitamini C ni miligramu 163 kwa gramu 100, kwa unga kama ulivyopokelewa. Kalsiamu ni miligramu 3,200 kwa kilo, potasiamu miligramu 20,900 kwa kilo, na madini ya chuma miligramu 21 kwa kilo, zote tatu zikiwa zimekokotolewa kwa unga mkavu kabisa. Unyevu ni asilimia 10.

Hatua ya 1: Leta kila kitu kwenye gramu 100 za unga unaouzwa

Hapa ndipo penye kazi. Lebo ya Ulaya hutaka kiasi kilichomo katika gramu 100 za bidhaa kama inavyouzwa, lakini maabara nyingi hutoa madini kwa kilo. Kwa hiyo gawanya kwa 10: kalsiamu inakuwa 320, potasiamu 2,090, chuma 2.1.

Usiishie hapo. Soma maandishi madogo chini ya jedwali la maabara au pembeni mwa kila kipimo. Ukiona imeandikwa kwamba matokeo ni ya unga mkavu, maana yake maji yametolewa kwenye hesabu, ilhali mteja wako ananunua unga wenye maji yake. Kwa unyevu wa asilimia 10, kila gramu 100 za unga zina gramu 90 tu za kitu kikavu, hivyo zidisha kwa 0.9:

```
kalsiamu    320 × 0.9 = 288 mg
potasiamu  2090 × 0.9 = 1881 mg
chuma       2.1 × 0.9 = 1.89 mg
```

Vitamini C usiiguse, kwa sababu ilipimwa kwa unga kama ulivyo. Karatasi moja kuwa na misingi miwili ni jambo la kawaida kabisa, ndiyo maana ninasoma mstari kwa mstari. Isipoandikwa chochote, wapigie simu maabara uwaulize. Usikisie.

Hatua ya 2: Kata tarakimu

Mwongozo wa Tume ya Ulaya unataka kalsiamu na potasiamu ziandikwe kwa tarakimu tatu zenye uzito, na vitamini C na chuma kwa tarakimu mbili. Tunapata kalsiamu 288, potasiamu 1,880, vitamini C 160 na chuma 1.9, zote miligramu.

Mimi hupiga asilimia kwa namba hizi zilizokwisha kukatwa, si zile za mwanzo. Ukitumia 163 utapata asilimia 204 ya vitamini C, na mnunuzi mwenye kikokotoo akiona miligramu 160 pembeni yake atapata 200, kisha ataanza kutilia shaka lebo nzima.

Hatua ya 3: Gawanya kwa kiwango rejea

Viwango rejea vya kila siku vya watu wazima viko kwenye Kiambatisho cha 13 cha kanuni hiyo. Kwa mfano wetu ni vitamini C miligramu 80, kalsiamu 800, potasiamu 2,000 na chuma 14.

```
asilimia = kiasi katika gramu 100 ÷ kiwango rejea × 100

vitamini C   160 ÷ 80   × 100 = 200
kalsiamu     288 ÷ 800  × 100 = 36
potasiamu   1880 ÷ 2000 × 100 = 94
chuma        1.9 ÷ 14   × 100 = 13.6
```

Kigawanyo hiki hubadilika kulingana na soko. Marekani hutumia miligramu 90 za vitamini C na 1,300 za kalsiamu, tena wao huonyesha asilimia ya kipimo cha mlo mmoja. Ukinakili lebo ya ubuyu ya Marekani na kuibandika kwenye pakiti ya Ujerumani, kila asilimia itakuwa na makosa hata kama unga ni uleule. Na kama unatengeneza uji wa watoto wa chini ya miaka 3, jedwali hili si lako. Chakula chao kina viwango vyake.

Hatua ya 4: Ondoa kisichofika kiwango

Kwa chakula kisicho kinywaji, vitamini au madini huruhusiwa kutajwa ikiwa gramu 100 zina angalau asilimia 15 ya kiwango rejea. Kwa vinywaji ni asilimia 7.5 katika mililita 100, na pakiti ya kuliwa mara moja hupimwa kwa pakiti yenyewe.

Sasa tazama chuma. Asilimia 15 ya miligramu 14 ni miligramu 2.1. Mtu aliyeruka hesabu ya unyevu angepata 2.1 kamili na kuliandika kwenye lebo kwa moyo mweupe. Kwa unga halisi tuna 1.9, yaani asilimia 13.6, kwa hiyo chuma kinatoka kwenye jedwali.

Chuma kina tabia nyingine ya kuangalia. Bechi moja ikirudi na kiasi kikubwa mara kadhaa kuliko nyingine, kabla ya kufurahi kagua mashine ya kusagia na usafi wa maganda. Meno ya mashine yanayolika na vumbi la udongo huongeza chuma kwenye kipimo.

Hatua ya 5: Fikiria pakiti ya mwisho wa muda wake

Madini hayapotei ghalani, lakini vitamini C hupungua kwa joto, unyevu na hewa. Mwongozo wa Tume huruhusu kipimo cha ukaguzi kuwa chini ya lebo kwa hadi asilimia 35, kosa la upimaji likiwa limehesabiwa humo. Ukiandika 160, mpaka wa chini ni 104. Pima unga mpya, kisha pima pakiti iliyokaribia kuisha muda wake ikiwa kwenye mfuko uleule wa kuuzia. Ikiwa imeshuka sana, andika namba ndogo zaidi au fupisha muda wa matumizi. Mfuko mwembamba wa plastiki ukiwekwa dirishani mwa duka unaweza kuharibu hesabu yote iliyotangulia.

Hatua ya 6: Safu ya kijiko

Safu ya gramu 100 ni ya lazima ukitaja vitamini au madini, na hukaa chini ya nishati, mafuta, mafuta yaliyoshiba, wanga, sukari, protini na chumvi. Safu ya kipimo cha mara moja ni hiari, lakini kwa unga huu mimi huiweka, kwa sababu hakuna anayekula gramu 100 za ubuyu kwa mkupuo. Kwa gramu 10:

```
vitamini C   16 mg     20%
kalsiamu     28.8 mg    4%
potasiamu    188 mg     9%
```

Kwa asilimia 36 katika gramu 100, sheria inakuruhusu kudai mbele ya pakiti kwamba unga una kalsiamu kwa wingi, kwani kizingiti ni asilimia 30. Mimi huwashauri wateja wangu wasiandike hivyo. Mama anayenunua kwa ajili ya mifupa yake atapata asilimia 4 katika kipimo chake, na ana haki ya kulijua hilo kabla ya kulipa. Mbele ya pakiti weka vitamini C, na kalsiamu iache nyuma kwenye jedwali ikiwa na safu zake zote mbili.