Kuziba pancha ya baiskeli kiraka kisibanduke

Kijana wa jirani yangu hapa Dodoma kaniletea baiskeli yake, tairi la nyuma, anasema kaziba mara ya tatu wiki hii na kila asubuhi anaikuta imelala. Nikafungua, viraka vitatu, vyote vimenyanyuka pembeni. Basi naandika tulivyofanya, maana naona wengi wanakwama palepale.

Hatua ya 1. Toa gurudumu, toa tairi upande mmoja tu, vuta tyubu nje. Usitumie bisibisi jamani, utatoboa tundu la pili, mpini wa kijiko unatosha. Kabla hujavuta, weka alama ya chaki kwenye tairi pale valvu ilipo, utanishukuru baadaye.

Hatua ya 2. Jaza tyubu upepo mpaka inenepe kama mara mbili ya kawaida, ipitishe karibu na shavu au mdomo, tundu kubwa utalisikia tu. Usipolisikia chukua beseni la maji, zamisha kipande kwa kipande huku unavuta kidogo. Vimapovu vilivyoganda kwenye mpira sio pancha, vipanguse kwa kidole, pancha ni ile inayorudi palepale mfululizo kama shanga. Zamisha na valvu pia. Ikitoa mapovu shinani, pale valvu inapoungana na mpira, kiraka hakitashika, nunua tyubu nyingine. Ukipata tundu usisimame, endelea mpaka umalize mzunguko, ya huyu kijana ilikuwa na mawili.

Weka alama kwa biro, mistari miwili mirefu inayokatana juu ya tundu. Sio nukta, nukta itafutika ukipiga msasa na utaanza kutafuta upya.

Hatua ya 3, hapa ndo penyewe. Futa maji, kausha kabisa. Piga msasa eneo kubwa kuliko kiraka, mpaka ule mng'ao mweusi uishe na mpira uwe na rangi ya kijivu hafifu. Kama kuna ule mstari ulionyanyuka wa kiwandani unapita hapo, usage mpaka ulingane na mpira, ukiuacha upepo unapita chini yake kama mfereji, na kiraka kimoja cha kijana kilikuwa kinavujia hapohapo. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu na baada ya hapo usiguse tena kwa vidole, vina mafuta.

Sasa solusheni. Paka nyembamba, itandaze ipite ukubwa wa kiraka, halafu SUBIRI. Watu wanabandika ikiwa bado mbichi wakidhani ni gundi ya karatasi, na yeye alikuwa anafanya hivyohivyo. Dawa ile inabadili mpira juu, inataka ikauke kwanza ndo ishikane na upande wa chini wa kiraka. Dakika 5 hivi, siku ya unyevu hata 10, usiipulize kwa mdomo maana unaipelekea unyevu. Utajua imeiva mng'ao ukipotea, na ukigusa pembeni kabisa kidole hakinati. Ndo unabandua karatasi ya kiraka bila kugusa upande wa chini, unabandika tundu likiwa katikati, unakandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni, mie natumia mgongo wa kijiko juu ya meza. Ile plastiki ya juu iache, ukiilazimisha itoke inanyanyua na kingo. Supagluu usinitajie, ikikauka inakuwa ngumu, tyubu ikitanuka inapasuka.

Usijaze upepo mwingi tyubu ikiwa nje eti unajaribu, mpira unavutika na kiraka kibichi kinaachia. Nyunyiza unga wa chaki juu yake isigande na tairi.

Hatua ya 4. Tafuta kilichotoboa. Rudisha tyubu kwenye ile alama ya valvu, pima umbali wa tundu, angalia tairi hapo, na upande wa pili pia kama hukumbuki tyubu ilikaaje. Pitisha pamba ndani ya tairi, itanasa kwenye mwiba kabla ya kidole chako. Kwa kijana ilinasa kwenye ncha ya mbigili, kwa nje huioni kabisa, na kila akijaza upepo ilikuwa inamtoboa upya. Tundu likiwa upande wa rimu, angalia ule utepe unaofunika vichwa vya spoku, labda umesogea. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni tyubu iliyobanwa kati ya rimu na jiwe, yaani upepo ulikuwa mdogo.

Hatua ya 5. Tia upepo kidogo tyubu ipate umbo, rudisha, malizia tairi kwa mikono karibu na valvu, hakikisha tyubu haijabanwa popote, jaza.

Solusheni nunua ile ndogo, ukishaifungua hukauka humohumo hata ukikaza kifuniko.