Kabla hujakabidhi insha: pima hoja kuu, kisha kila aya

Kabla ya kuhangaika na tahajia, itoe hoja kuu ndani ya insha na uiandike peke yake kwenye karatasi. Kisha itafutie mpinzani.

Tuseme insha inahusu lugha ya kufundishia Tanzania, na mwandishi ameanza hivi: "Lugha ya kufundishia ni suala muhimu sana katika elimu yetu." Nani atabisha? Akairekebisha: "Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini sekondari hufundisha kwa Kiingereza." Hiyo nayo ni taarifa, anayeikataa unampeleka darasani akajionee, mjadala umekwisha. Jaribio la tatu: "Baiolojia ifundishwe kwa Kiswahili hadi kidato cha nne, kwa sababu wanaotoka darasa la saba hukariri maelezo ya Kiingereza bila kuyaelewa." Hapa mpinzani ana la kusema: vitabu vitatoka wapi, na chuo kikuu je? Mwandikie hoja yake kwa haki, sentensi moja tu. Ukikosa cha kumwandikia, hoja yako bado haijaiva.

Sasa zigeukie aya. Pembeni mwa kila aya andika inasema nini, kwa sentensi moja, halafu usome hoja kuu, utie "kwa sababu", umalizie na sentensi hiyo. "Baiolojia ifundishwe kwa Kiswahili kwa sababu Unesco iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani." Umesikia inavyokwaruza? Habari ni ya kweli, tena inapendeza, ila inathibitisha heshima ya lugha, haigusi uelewa wa mwanafunzi. Aya za namna hii ndizo ngumu kufuta kwa sababu mwandishi anazipenda.

Aya inayosema wanafunzi wengi hufeli Baiolojia ni ya hila zaidi, kwani inapita kwenye "kwa sababu" bila kukwama. Lakini hata shule isiyo na maabara wala mwalimu wa somo itafelisha. Jiulize: je, mpinzani wangu anaweza kuikubali aya hii yote na bado akabaki palepale? Kama anaweza, ushahidi haujafika.

Linganisha na aya hii: mwanafunzi anaandika maana ya usanisinuru kwa Kiingereza neno kwa neno kama ilivyo kwenye daftari, lakini akiulizwa, kwa Kiingereza hichohicho, kwa nini mche uliofunikwa ndoo umepauka, ananyamaza. Akiulizwa kwa Kiswahili, anaeleza habari ya mwanga. Hapo mwalimu ni yuleyule, maabara ni ileile; kilichobadilika ni lugha tu. Mwanafunzi mmoja hatoshi kuthibitisha nchi nzima, kwa hiyo aya bado inahitaji mifano zaidi, lakini angalau inavuta upande unaotakiwa.

Aya ikikataa mara mbili, ikate. Na ukiona aya nne kati ya tano zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe lakini zinaikataa hoja kuu, usizifute. Badilisha hoja.