Somo: Hakikisha duka la Mwanza halijahama kabla hujapanda meli

Ndugu zangu wa visiwani, shikamooni wakubwa. Mwaka jana nilipanda meli Nansio kwenda kununua impela ya injini ya boti. Ramani ya simu ilionyesha duka la spea jirani na Makoroboi. Nilipofika nikakuta vitenge vimetundikwa mlangoni. Duka lilikuwa limehamia Igoma.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimepiga simu siku moja kabla. Niliuliza, "Mpo hapo hapo mjini?" Nikajibiwa, "Tupo, karibu sana." Hakuna aliyenidanganya, maana kwa mtu wa Igoma naye yupo Mwanza. Namba ya simu huhama na mwenye duka, lakini alama kwenye ramani hubaki ilipowekwa hadi mtu aibadilishe. Kwa hiyo simu kupokelewa kunakuthibitishia kuwa biashara ipo, si kwamba ipo pale unapokwenda.

Hatua ya 1: Angalia maoni mapya. Fungua duka kwenye Google Maps, nenda `Reviews`, kisha chagua `Newest`. Nyota usizijali, tazama tarehe. Maoni ya mwisho yakiwa ya miaka mitatu nyuma, hiyo alama ni ya kutiliwa shaka. Fungua na picha, usome tarehe yake, lakini kumbuka kwamba mtu anaweza kupandisha leo picha aliyoipiga zamani.

Hatua ya 2: Piga simu, ila usimpe jibu mdomoni. Hili ndilo kosa langu. Ukisema "mpo Makoroboi?" ni rahisi mtu kuitikia. Uliza hivi: "Nikishuka kwenye meli, nipande daladala ya wapi na nishukie kituo gani? Nikisimama mlangoni kwenu, ng'ambo ya barabara naona nini?" Andika majibu, kisha yalinganishe na ramani. Akitaja kituo kilicho mbali na ile alama, umeshapata jibu lako.

Hatua ya 3: Mpigie jirani. Hapa ndipo penye uhakika zaidi, na wengi hawapatumii. Vuta ramani karibu na alama ya duka, utaona biashara nyingine: duka la dawa, gesti, mgahawa. Chagua yenye namba ya simu. Jitambulishe, salimia vizuri, halafu uliza kama duka la spea bado lipo pembeni yao. Jirani hana cha kukuuzia, na duka likihama yeye huliona gari likipakia mizigo. Safari iliyofuata nilipiga duka la dawa, dada akanijibu kabla sijamaliza swali: "Hao walihama, kaka, siku nyingi."

Hatua ya 4: Omba mahali alipo sasa hivi. Kwenye WhatsApp mwombe muuzaji atumie `Share live location` wakati wa saa za kazi. Usikubali alama ya kawaida pekee, kwa sababu anayetuma anaweza kuchagua sehemu nyingine kwenye orodha. Chini ya paa la bati au kati ya maghorofa alama inaweza kukosea kwa makumi ya mita. Hilo halina shida. Tunachotafuta ni mtaa.

Maswali ya wanachama

*Sengerema:* Kaka, nina risiti yao ya EFD yenye anwani. Haitoshi?

Haitoshi. Kilichochapwa hutokana na taarifa za usajili wa mlipakodi. Inakuonyesha muuzaji ni nani, lakini duka linaweza kuhama taarifa zikabaki za zamani.

*Ukara:* Mimi natumia kitochi. Nifanyeje?

Mama, hatua ya 2 na ya 3 zinakutosha. Mwombe kijana akusomee namba ya jirani kwenye simu yake. Ukiwa na bodaboda unayemwamini mjini, patana naye bei, aende, na akiwa ndani ya duka akupigie na kumkabidhi simu muuzaji. Muulize kuhusu spea yenyewe, utajua kama umepata duka lenyewe.

*Bunda:* Muuzaji anasema nitume hela ya kushikia mzigo kwanza, ndipo anielekeze duka lilipo.

Usitume. Mwenye duka la kweli hukuelekeza bure, kwani anataka ufike.

*Nansio:* Ile alama ya Makoroboi bado ipo?

Nilibonyeza `Suggest an edit`, nikasogeza alama hadi Igoma na kuweka picha ya kibao kipya. Mabadiliko hayatokei papo hapo kwa sababu Google hukagua kwanza. Kwa hiyo ukiikuta bado Makoroboi, duka la dawa la jirani bado linapokea simu.